Jinsi ya Kutunga Utenzi Ambao Kina cha Mwisho Hakiui Kisa

Tungo nyingi ninazoletewa kuzisoma hapa Kigoma, nyingine zikitoka Ujiji na nyingine zikija kwa treni kutoka Nguruka na Kaliua, zinafia mahali pamoja. Beti tano za mwanzo huenda vizuri, na msomaji huanza kumjua mhusika. Kufika ubeti wa kumi mtunzi ameishiwa na kina cha mwisho, anaanza kuokota neno lolote linalofanana kwa sauti, na kisa kinasimama. Anapokaribia mwisho huacha kusimulia kabisa na kuanza kuhubiri.

Mwongozo huu unahusu tatizo hilo moja. Tutatunga utenzi mfupi pamoja, kuanzia kisa mpaka ubeti wa wasia, na nitaeleza kila chaguo tunalolifanya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe na kisa kilichokwisha, yaani unajua kinavyoanza, mahali kinapogeuka na kinavyomalizika. Mtu anayetunga huku akitafuta mwisho wa kisa atapelekwa na vina popote vinapotaka.

Uwe na karatasi mbili: moja ya kuandikia beti, nyingine ya kuweka akiba ya maneno ya kina cha mwisho. Uwe na kamusi karibu. Pia tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza, kwa sababu utenzi hughanwa, na jicho halisikii kina kilichopotea.

Umbo lenyewe ni hili. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, ambacho hubadilika kila ubeti. Mshororo wa nne una kina chake, na hicho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama beti ni elfu tatu. Wengi hukiita bahari.

## Hatua ya 1: Andika kisa kwa sentensi za kawaida, tukio moja kwa ubeti mmoja

Kisa chetu ni hiki. Shangazi anakausha dagaa Kibirizi. Anajaza magunia matatu, na Sudi, mtoto wa kaka yake, anajitolea kuyapeleka Tabora kwa treni akamuuzie. Njiani anaingiwa na tamaa. Anauza kwa bei nzuri, anatumia fedha, kisha anarudi na kusema ameibiwa. Jioni mnunuzi wa Tabora anampigia simu shangazi kumsifia dagaa wake. Shangazi hasemi kitu. Anajaza gunia jingine na kumpa jirani.

Igawe habari hiyo katika matukio, na kila tukio lipe mstari wake kwenye karatasi. Mishororo minne yenye mizani nane ni mizani thelathini na mbili tu, nayo haibebi matukio mawili. Ukiona ubeti wako una safari, uuzaji na uongo kwa pamoja, usihangaike na vina, gawanya kwanza.

Utajua hatua hii imefanikiwa ukiweza kumsimulia mtu kisa chote kwa sentensi zisizozidi kumi, naye akajua ni wapi mambo yalipoharibika.

## Hatua ya 2: Chagua kina cha mwisho kwa kuangalia vitenzi

Hapa ndipo tungo nyingi zinapotea, na zinapotea kabla ya ubeti wa kwanza kuandikwa. Mtunzi hupenda neno fulani, tuseme "sokoni", anaufunga nalo ubeti wa kwanza, na tangu hapo amejifunga kwenye kina cha "ni". Maneno ya "ni" ni mengi, lakini mengi kati ya hayo ni ya mahali: nyumbani, ziwani, njiani, behewani. Matokeo yake kila ubeti unaishia mahali fulani, na mhusika anasimama pale akingoja ubeti ujao umtoe. Utenzi wa namna hiyo una mandhari nyingi na matukio machache.

Kisa husogezwa na vitenzi, na kitenzi cha Kiswahili chenye asili ya Kibantu kwa kawaida huishia na "a". Kwa hiyo kina cha mwisho kinachomfaa msimulizi ni kile kinachokaa mwishoni mwa kitenzi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipomtungia binti yake wasia mwaka 1858, alitumia kina cha "ya" kutoka mwanzo hadi mwisho, nao wasia unatembea bila kukwama. Sisi tutatumia "ia", ambacho kwa matamshi ya leo ni kilekile.

Faida ya "ia" ni kauli ya kutendea. Uza huwa uzia, waka huwa wakia, pata huwa patia. Vitenzi tulivyovipata kwa Waarabu, ambavyo huishia na irabu nyingine, navyo huingia kwa mlango huohuo: fikiri huwa fikiria, jibu huwa jibia. Kuna vingine ambavyo vina "ia" tayari na havihitaji kuongezwa chochote, kama sikia, kimbia, sinzia, tumia, angalia na zingatia. Juu yake kuna majina: njia, nia, dunia, tabia, sheria, raia, mia. Andika yote kwenye karatasi ya akiba. Yakifika arobaini unaweza kuanza.

### Onyo la kwanza: maumbo mawili ya kitenzi hayaingii mshororo wa nne

Ukanushi wa wakati uliopo hugeuza "a" kuwa "i": hasikii, hatumii. Hali ya kuamrisha kwa upole hugeuza "a" kuwa "e": asikie, atumie. Ukizitaka sauti hizo mbili, ziweke katika mishororo mitatu ya kwanza, ambako kina ni cha ubeti ule tu. Katika mshororo wa nne kanusha kwa wakati uliopita, "hakusikia", au kwa "hajasikia", na agizo ulitoe kwa kitenzi kisichobadilishwa: "sikia", "zingatia", "kusikia". Watunzi wengi hukwama mahali hapa bila kujua kinachowakwamisha, kwa sababu wasia hupenda maneno ya "ufanye" na "usifanye", na yote hayo huishia na "e".

### Onyo la pili: kauli ya kutendea ina maana yake

Kina kikikosekana, mkono huenda wenyewe kuongeza "ia" kwenye kitenzi kisichoihitaji. Nimewahi kusoma mshororo usemao "ugali akaulia". Mtunzi alitaka kusema kijana alikula ugali. Msikilizaji alimwona kijana akiulilia machozi. Kila ukiandika kitenzi cha kutendea, jiulize kilitendwa kwa ajili ya nani, kwa kitu gani au wapi. Swali lisipopata jibu, kitenzi hicho kimewekwa kujaza nafasi, na msikilizaji atalitambua hilo hata kama hajui kulieleza.

## Hatua ya 3: Andika mshororo wa nne kwanza

Ushauri huu huwashangaza wengi, kwa kuwa msomaji huanza na mshororo wa kwanza. Lakini mtunzi akianza juu, anafika chini akiwa ametumia habari yote, na mshororo wa nne unabaki wa kuziba pengo: "kweli ninawaambia", "mpate kuzingatia", "haya nimewapatia". Maneno ya namna hii si mabaya yakitokea mara moja. Yakitokea kila ubeti wa pili, utenzi umekufa.

Mishororo mitatu ya kwanza inakwenda kasi kwa sababu ya kina chao cha pamoja. Sikio linaridhika nao, kisha linasubiri. Mshororo wa nne unakuja na sauti tofauti, ambayo msikilizaji aliisikia ubeti uliopita na anaijua. Hapo ndipo panapotua uzito wa ubeti. Weka hapo kilichobadilika katika kisa, au hukumu juu ya kilichotendwa.

Chukua tukio la safari. Treni kuondoka, Uvinza kupitwa na kusimama Nguruka ni maelezo ya njia. Kilichobadilika ni moyo wa Sudi. Basi mshororo wa nne ni "tamaa ikamwingia", na mitatu ya juu inaandikwa kuujia:

Gari moshi likavuma,
Uvinza ikawa nyuma,
Nguruka wakasimama,
tamaa ikamwingia.

Angalia kwamba maana ya "ingia" ni kamili: tamaa iliingia, na aliyeingiwa yupo. Hakuna kilichoongezwa ili kina kipatikane.

## Hatua ya 4: Hesabu mizani kwa vidole, ukitamka kwa sauti

Mizani ni silabi, na inahesabiwa kwa jinsi neno linavyotamkwa. Ta-ma-a ni tatu, i-ka-mwi-ngi-a ni tano, jumla nane. M inayosimama peke yake mbele ya konsonanti ni mizani kamili: m-tu ni mbili, m-nu-nu-zi ni nne. Mwa, nyu, ngu na nza ni mizani moja moja, hata kama herufi zake ni nyingi. "Nchi" ni mbili.

Mshororo ukizidi au kupungua kwa mizani moja, usikimbilie kubadili neno zima. Kiswahili kina nafasi ndogo ndogo za kurekebishia. "Ikamwingia" ni tano, "ikamuingia" ni sita. "Akajaza" ni nne, "kajaza" ni tatu, nao ni ufupisho ambao washairi wameutumia siku zote. "Yuko" inaweza kuwa "yu", na "aliyekuja" inaweza kuwa "alokuja". Tumia moja katika mshororo, isizidi. Mishororo yenye mafupisho matatu husomeka kama ujumbe wa simu wa mtu mwenye haraka.

Hatari iko kwenye maneno ya kigeni yenye konsonanti mbili zilizofuatana, kama "treni" na "labda". Wengine hutamka te-re-ni, wengine tre-ni, na mizani inabishaniwa. Mimi huyakwepa, ndiyo maana ubeti wa hapo juu una gari moshi, ingawa stesheni ya Kigoma hakuna anayesema hivyo.

## Hatua ya 5: Funga kisa, beti kwa beti

Utenzi hufunguliwa kwa dibaji, ambayo kwa desturi humtaja Mungu na kuitaja kalamu. Ipe ubeti mmoja au miwili kama utenzi ni mfupi:

Naanza na jina lake,
Mola na sifa ni zake,
kalamu na iandike
kisa nilichosikia.

"Iandike" inaishia na "e", na hapo haidhuru kwa sababu tuko katika mshororo wa tatu.

Kisha ingia kazini mara moja:

Shangazi yu Kibirizi,
dagaa ni yake kazi,
hachoki wala hawazi,
jua likimuwakia.

Gunia tatu kajaza,
kwa kamba akazikaza,
Sudi akajitokeza
Tabora kumuuzia.

"Mwanangu, shika amana,
bei usishushe sana,
salama tutaonana,
Mungu akijaalia."

Katika ubeti wa kwanza kati ya hizo tatu ningeweza kuandika kwamba shangazi ni mwanamke mwenye bidii. "Jua likimuwakia" linasema hivyo na zaidi, na litakuja kumhukumu Sudi baadaye, kwa kuwa tumeiona kazi iliyojazwa ndani ya yale magunia. Na neno "amana" limetamkwa na shangazi mwenyewe, katikati ya shughuli. Wasia ukipandwa mapema hivi kwa kinywa cha mhusika, mwishoni hutahitaji kuueleza upya.

Unafuata ule ubeti wa safari, kisha:

Tabora akazishusha,
bei akaipandisha,
fedha zikamlewesha,
akaanza kutumia.

Karudi mikono wazi:
"Nimeibiwa, shangazi,
behewani mna wezi,
na mimi nilisinzia."

Simu ikaja jioni,
mnunuzi wa sokoni:
"Dagaa safi yakini,
Sudi ametuuzia!"

Nitakaa kidogo kwenye mshororo huu wa mwisho. Kitenzi "uzia" kilikwisha kutumika: Sudi alijitokeza "kumuuzia" shangazi. Sasa kinarudi kinywani mwa mnunuzi, "ametuuzia", na uongo wote unaanguka bila mtu kuushitaki. Mtunzi asiyejua huogopa kurudia neno la kina. Kurudia kwa kukosa neno ni udhaifu, na msikilizaji hulisikia hilo. Kurudia ambako neno lilelile linamgeukia mhusika ndiko kunakoonyesha faida ya kuwa na kina kimoja utenzi mzima, kwa kuwa sikio lilikwisha kuliweka neno hilo mahali pake na linalikumbuka.

Kwa sababu hiyohiyo ubeti unaofuata unarudia kina cha "za" cha ule wa magunia, pamoja na vitenzi vyake:

Shangazi hakugombeza,
gunia jipya kajaza,
jirani kajitokeza,
Sudi akiangalia.

Kujaza na kujitokeza kumerudi. Aliyebadilika ni mtu tu.

## Hatua ya 6: Andika wasia kwa vitu vilivyomo ndani ya kisa

Huu hapa ni ubeti wa wasia wa aina ninayoletewa mara nyingi:

Vijana msiwe wezi,
amana kitu azizi,
heshimuni na shangazi,
haya ninawahusia.

Mizani ni nane kila mshororo, vina vimetimia, na makosa ya sarufi hayapo. Hata hivyo ubeti huu unaweza kuchomolewa na kubandikwa kwenye kisa cha mwizi wa mbuzi Urambo, na hakuna atakayegundua. Mshororo wake wa nne, mahali penye uzito kuliko pote, unasema tu kwamba mtunzi anahusia, jambo ambalo kila mtu analiona.

Ili kuurekebisha, rudi kwenye kisa na uulize Sudi amepoteza nini hasa. Fedha zitapatikana tena. Gunia limejazwa tena tayari, tumeliona. Alichopoteza ni mtu wa kumpa mzigo. Kwa hiyo mshororo wa nne utoke kwenye kazi ya kupakia:

Fedha huja na kutoka,
na gunia hujazika,
jina likishachafuka
nani atakupakia?

Wasia huu hauwezi kuhama, kwa kuwa umefungwa kamba pamoja na yale magunia. Umekuja kama swali, ambalo msikilizaji wa Kibirizi atalijibu mwenyewe, na hakuna aliyeambiwa awe mwema.

Kama utenzi wako ni mrefu, wa beti mia na zaidi, wasia unaweza kugawanywa: ubeti mmoja kila baada ya tukio kubwa, ukisemwa na mhusika. Usiruhusu beti mbili za wasia zifuatane kabla ya mwisho. Kisa kikisimama kwa beti mbili, msikilizaji huanza kuzungumza na jirani yake, na kumrudisha ni kazi.

Baada ya wasia, desturi ni kuweka tamati yenye jina la mtunzi, mahali na tarehe. Beti moja au mbili zinatosha.

## Hatua ya 7: Pima utenzi kwa mshororo wa nne peke yake

Funika mishororo mitatu ya juu ya kila ubeti na usome iliyobaki kutoka juu kwenda chini. Huu wetu unasomeka hivi:

kisa nilichosikia
jua likimuwakia
Tabora kumuuzia
Mungu akijaalia
tamaa ikamwingia
akaanza kutumia
na mimi nilisinzia
Sudi ametuuzia
Sudi akiangalia
nani atakupakia

Mtu ambaye hajausikia utenzi akisomewa mishororo hii kumi, atajua kwamba kuna mtu alitumwa kuuza kitu, akaingiwa na tamaa, akadanganya na akaumbuka. Kisa kimelala kwenye kina, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Ukifanya hivyo kwenye utungo wako, utakuta mishororo ya aina mbili inayohitaji kutolewa. Ya kwanza ni ile isiyosema kitu, kama "ninawaambia" na wenzake. Ukiikuta mitatu katika beti kumi, rudi kwenye hatua ya 3 na uandike upya beti hizo kuanzia chini. Ya pili ni ile yenye kauli ya kutendea isiyo na mtendewa. Hiyo kwa kawaida hutibika kwa kubadili kitenzi kimoja kutoka kwenye karatasi ya akiba.

Mwisho, mghanie yule msikilizaji wako, na katika beti za katikati nyamaza kabla ya neno la mwisho la mshororo wa nne. Akiotea neno lenye kina cha "ia", hata kama silo uliloliandika, sikio lake limekwisha kukishika kina. Akiotea neno lako lenyewe karibu kila mara, umekuwa wa kutabirika, na beti zile zinataka mshororo wa nne wenye tukio jipya. Asipootea chochote, hesabu mizani ya ubeti huo tena, kwa maana mara nyingi mshororo wa tatu huwa una mizani saba au tisa na mapigo yamempotea hapo.